Vyeti 200 ndani ya barua ya mfamasia

Barua nyingi za wafamasia vijana wanaoomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii huanza na utoto: mwombaji alimwona bibi yake akiugua, akaapa kusaidia wagonjwa. Huenda ni kweli tupu. Lakini anayesoma maombi ana swali jingine kichwani. Mtu huyu amesomea dawa miaka minne, akafanya mwaka wa mazoezi, akapata usajili. Kwa nini sasa anataka kusoma fani nyingine?

Swali hilo halijibiwi na bibi. Linajibiwa na dirisha la dawa, hasa pale liliposhindwa. Mfamasia wa hospitali humhudumia mgonjwa aliyesimama mbele yake na cheti mkononi. Afya ya jamii huanza na wilaya nzima, pamoja na wale ambao hawakufika hospitalini kabisa. Barua nzuri humwonyesha msomaji tatizo ambalo mwombaji aliliona akiwa dirishani na ambalo, kwa ujuzi alionao, hakuweza kulimaliza akiwa hapo.

Tuchukue mfamasia wa kubuni katika hospitali ya wilaya nchini Tanzania. Ameona antibiotiki zinaandikwa mno. Mtoto ana homa, kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana vimelea, na cheti kinakuja na amoksilini. Hilo si jambo la hospitali moja. Tafiti zilizofanyika katika nchi kadhaa za Afrika na Asia, Tanzania ikiwemo, ziligundua kwamba vipimo hivyo vilipoanza kutumika, dawa za malaria zilipungua lakini antibiotiki mara nyingi ziliongezeka. Mtoa huduma aliyenyimwa jibu moja alitafuta jingine, na mzazi hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu.

Rasimu ya kwanza ya mfamasia wetu ilisema: “Matumizi holela ya antibiotiki ni tatizo kubwa linaloongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa.” Sentensi hiyo ni sahihi, ila ingeweza kuandikwa na yeyote aliyesoma bango ukutani. Rasimu ya pili ilitoka stoo na kwenye makabati ya vyeti: “Mwezi Mei nilipitia vyeti 200 vya wagonjwa wa nje. Vyeti 118, yaani asilimia 59, vilikuwa na angalau antibiotiki moja. Nilipeleka hesabu hiyo kwenye Kamati ya Dawa na Tiba, tukakubaliana kufanya vikao vifupi vya asubuhi na waandikaji wa dawa. Septemba nilihesabu tena vyeti 200. Vyenye antibiotiki vilikuwa 94, sawa na asilimia 47.”

Kipimo hicho hakukitunga yeye. Idadi ya vyeti vyenye antibiotiki kati ya vyeti vyote ni miongoni mwa viashiria vya matumizi ya dawa ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivichapisha mwaka 1993, na anayekifahamu atatambua mara moja kwamba mwombaji anajua kazi. Kwa tathmini ya vituo vingi, mwongozo huo unapendekeza angalau vituo 20 na vyeti 30 kwa kila kituo, yaani vyeti 600. Mfamasia wetu ana kituo kimoja. Hana haja ya kulificha hilo.

Hapa ndipo waombaji wengi wanapoharibu. Wakishapata namba nzuri huimba ushindi: “Mafunzo yangu yalipunguza matumizi ya antibiotiki kwa asilimia 12.” Msomaji mwenye taaluma atakunja uso mara mbili. Kwanza, kutoka 59 hadi 47 ni kushuka kwa pointi 12, si asilimia 12. Ukipima kwa kulinganisha na pale ulipoanzia, ni kama asilimia 20. Pili, nani kasema ni mafunzo? Sehemu nyingi za nchi, Mei ni mwisho wa masika, na Septemba ni kiangazi. Huenda watoto wenye kikohozi walikuwa wachache. Huenda amoksilini iliisha stoo na waandikaji wakaacha kuiandika. Huenda tabibu aliyeipenda zaidi alihamishwa.

Mwombaji mjanja huyaandika mashaka hayo mwenyewe, kisha huyafanya kuwa sababu ya kuomba: “Siwezi kusema kwa uhakika kwamba vikao vyetu ndivyo vilivyoleta badiliko hili. Sikuwa na hospitali ya kulinganisha, na sikujua namna ya kutenganisha athari ya msimu.” Baada ya maneno hayo, masomo ya epidemiolojia na takwimu anayoyataja yana kazi ya kufanya. Yasipotanguliwa na shida, orodha ya masomo iliyonakiliwa kutoka kwenye kipeperushi cha chuo haina uzito wowote. Chuo kinakijua kipeperushi chake.

Kila mfadhili ana sikio lake. Mpango wa DAAD wa Ujerumani kwa kozi zinazohusu maendeleo hutaka uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili na barua inayofungamana na kazi unayofanya sasa. Chevening ya Uingereza hutaka majibu mafupi ya maswali mahususi badala ya barua moja, hudai saa 2,800 za kazi, na humtaka mfadhiliwa arudi kwao kwa angalau miaka miwili. Ufadhili wa Pamoja wa Jumuiya ya Madola huwalenga wasioweza kujilipia masomo Uingereza, hivyo pale hali ya fedha ina mahali pake. Kwingineko, aya nzima ya umaskini hula nafasi ya vyeti 200.

Sehemu ya “nitakaporudi” ndiyo dhaifu kuliko zote. Wengi huahidi kubadilisha sera za taifa, ahadi ambayo hakuna anayeweza kuikagua. Mfamasia wetu aliandika kuhusu ofisi anayoijua: ya Mfamasia wa Wilaya, anayesimamia dawa katika vituo vyote vya halmashauri na kushiriki ukaguzi wa maduka ya dawa muhimu, yale ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003. Alisema angependa hesabu ile ifanyike kila robo mwaka katika zahanati na vituo vya afya, na gharama yake iingizwe kwenye mpango wa afya wa halmashauri. Ni jambo dogo. Lakini lina meza, lina bajeti, na mwajiri wake anaweza kulithibitisha.

Mwajiri huyo anahitajika mapema. Kwa mtumishi wa umma kuna ruhusa ya masomo, na kabla ya kutumia hesabu za vyeti nje ya hospitali inafaa Mganga Mfawidhi aridhie, hata kama hakuna jina la mgonjwa hata moja. Mdhamini anayeandika barua ya kumpendekeza apewe namba zile zile. Akiandika vyeti 300 wakati mwombaji kaandika 200, barua zote mbili zinaingia mashakani.

Akiitwa kwenye usaili, swali la kwanza huenda likawa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: vyeti hivyo 200 ulivichaguaje? Aliyechukua vilivyokuwa juu ya rundo amehesabu siku chache za mwisho wa mwezi, labda na zamu ya tabibu mmoja. Aliyegawa vyeti 2,400 vya mwezi mzima kwa 200, akachukua kila cha 12 kuanzia namba aliyoipata kwa kura, anaweza kueleza kwa sentensi mbili na kusubiri swali linalofuata.