Hoteli ya Kwanza kwenye Orodha: Ni Rahisi au Imelipiwa?

Msimu wa likizo ukikaribia, wengi wetu hufungua tovuti za kulinganisha bei kutafuta chumba Malindi, Nairobi au Dubai. Tovuti hizi hazimtozi mtafutaji hata senti. Basi hula wapi? Jibu la swali hilo ndilo linalotuonyesha kama orodha tunayosomeshwa ni ya haki.

Zipo zinazolipwa kamisheni chumba kikishachukuliwa. Nyingine, kama Trivago, hulipwa na mawakala wa hoteli kila mteja anapobofya bei yao. Anayelipa zaidi kwa mbofyo ana sababu ya kutaka kupandishwa juu, na mwenye tovuti ana sababu ya kumpandisha.

Hili si dhana tu. Mwaka 2020 mahakama ya Australia iliamua kwamba Trivago iliwapotosha wateja. Matangazo yake yaliwafanya watu waamini kuwa wataonyeshwa bei nafuu kabisa, kumbe malipo ya mbofyo yalikuwa na uzito mkubwa katika kuchagua bei ya kuwekwa mbele. Katika orodha zilizochunguzwa, takriban thuluthi mbili zilikuwa na bei nafuu zaidi kuliko ile iliyokolezwa. Tena, bei iliyokatwa mstari kuonyesha punguzo mara nyingine ilikuwa ya chumba cha kifahari, ikilinganishwa na chumba cha kawaida. Mwaka 2022 Trivago ikatozwa faini ya dola milioni 44.7 za Australia.

Wewe utapima vipi? Tazama kwanza neno lililo karibu na mpangilio. Likiwa "Recommended", hiyo si bei bali ni rai ya mwenye tovuti. Likiwepo "Sponsored" au "Ad", nafasi hiyo imenunuliwa. Kisha badilisha mpangilio uwe wa bei ya chini kwanza, uone nani ameshuka.

Chukulia umetafuta chumba cha siku mbili, na juu kabisa pana bei ya shilingi 9,500 kwa usiku. Ukibadilisha mpangilio, hoteli ileile yatokea kwa wakala mwingine kwa 8,200. Kabla ya kufurahi, fungua zote mbili hadi ukurasa wa malipo: je, chumba ni kilekile, kodi imo, staftahi imo, na fedha hurudishwa ukighairi? Vikilingana vyote, ile ya kwanza haikuwekwa juu kwa unafuu wake. Ingekugharimu shilingi 2,600 zaidi.

Lakini hata mpangilio wa bei una mpaka wake. Nyumba ndogo ya wageni kule Lamu isiyouza kupitia mawakala haitaonekana kabisa, hata ikiwa rahisi kuliko zote. Kwa hiyo, ukishaijua bei, pigia simu hoteli yenyewe uulize wanatoza ngapi anayekuja moja kwa moja. Kamisheni wasiyomlipa wakala huenda wakakupunguzia wewe.