Je, wajua? Namna kompyuta inavyochagua dondoo ya kukuonyesha

Ukitafuta jambo kwenye hifadhi ya nyaraka, chini ya kila jibu huja mistari miwili mitatu, na maneno uliyoandika yamekolezwa wino. Katika Lucene, programu huria ya utafutaji iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999, dondoo hiyo huchaguliwa palepale unapouliza. Njia moja inayotumika sana ni kuukata waraka sentensi kwa sentensi, kisha kuipa kila sentensi alama zake kana kwamba ni waraka mdogo unaojitegemea.

Tuseme waraka unahusu kilimo cha kahawa, na mtu ameandika "kutu kahawa". Sentensi moja inataja kahawa mara tatu: inakaushwa, inachambuliwa, inauzwa mnadani. Nyingine inaeleza kutu inavyoshambulia majani, na kila neno limo mara moja tu. Sentensi ikiwa na herufi 87, urefu ambao Lucene huuchukua kuwa wa kawaida, neno linalotokea mara moja hupata 0.45. Likitokea mara tatu hupata 0.71 tu, kwa kuwa kila marudio huongeza kidogo kuliko yaliyotangulia. Sentensi ya kutu hukusanya mafungu mawili, jumla 0.91, na kushinda. Tena hapo uzito wa maneno bado haujatiwa: neno lililo adimu ndani ya waraka, kama kutu hapa, huzidishiwa thamani. Sentensi za mwanzoni nazo huongezewa kidogo.

Kukoleza ni kazi ya kuhesabu herufi. Ukianzia sifuri, "Kutu" inakaa kati ya 0 na 4, "kahawa" kati ya 27 na 33, na alama huchomekwa hapo:

```
<em>Kutu</em> hushambulia majani ya <em>kahawa</em>
```

Waraka ukihaririwa na namba za zamani zikabaki, utaona rangi imeteleza: herufi ya kwanza imeachwa nje, nafasi tupu imeingizwa ndani. Ukiona hivyo, faharasa haijasasishwa.

Kwetu tatizo kubwa liko kwenye viambishi. Aliyeandika "kulima" hapati "wakulima" wala "tunalima", maana programu hulinganisha neno zima. Wengine hukata maneno vipande vya herufi tatu tatu: kul, uli, lim, ima. Vyote vinne vimo ndani ya "wakulima", kwa hiyo neno linapatikana. Lakini programu ikiridhika na vipande viwili tu, "Kilimanjaro" nayo inaingia, na msomaji anaona mlima umekolezwa katikati, kwenye "lima". Ni afadhali kuandika kanuni za kuvua viambishi vya Kiswahili, ingawa kazi yake ni ndefu: kanuni ikivua "wa" popote, "watu" inabaki "tu" na kukutana na kila "tu" iliyomo kwenye waraka.