Rangi ya Kaka na Siha ya Mlaji

Katika masoko ya Kyela, tangu mjini hata Ipinda na Matema kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, mnunuzi wa mayai aghalabu hutanguliza jicho kabla ya mkono: hutazama rangi ya kaka, na kwa rangi hiyo hukata hukumu juu ya siha na ladha ya kilichomo ndani. Ajabu ya hukumu hii ni kuwa hugeuka kwa kadiri ya nchi. Huko Uingereza watu wengi hulipenda yai la kahawia kwa kulidhania kuwa ndilo la shambani. Kwetu sisi, ambako kuku wa kisasa wa mayai karibu wote hutaga ya kahawia, na kuku wa kienyeji hutaga madogo ya rangi mbalimbali, meupe, ya maziwa na ya kahawia hafifu, dhana imepinduka, na yai dogo jeupe ndilo linalosifiwa kuwa la kienyeji na lenye nguvu. Dhana mbili zinazopingana haziwezi kuwa kweli zote mbili. Zaweza, hata hivyo, kuwa uongo zote mbili, na ndivyo zilivyo.

Ili kuifahamu sababu, yafaa tulifuate yai safarini mwake. Kiini kikishakomaa hudondoka kutoka katika kikonyo chake na kuingia mrija wa mayai, ambamo kwa muda wa saa tatu hivi huvikwa ute, kisha kwa saa moja na zaidi kidogo huvikwa ngozi mbili nyembamba, na baadaye huteremka katika mfuko wa kaka, nako hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote, yapata saa 20. Humo kuku hulijengea yai ukuta wa chokaa wenye uzito wa gramu 5 au 6. Rangi haijaja bado. Katika saa chache za mwisho tu, wakati ute na kiini vimekwisha kufungwa ndani kama mali iliyotiwa kufuli, ndipo chembe za mfuko ule hutoa rangi ya kahawia iitwayo protopofirini, ambayo ni jamaa ya karibu ya wekundu wa damu, na kuipaka juu ya kaka na juu ya utando mwembamba ulifunikao. Kitu kilichopakwa nje ya nyumba baada ya mlango kufungwa hakiwezi kuongeza chakula kilichomo chumbani.

Mwenye kutaka ithibati hahitaji maabara. Na alivunje yai la kahawia atazame upande wa ndani wa kaka: ataona weupe, au rangi hafifu mno. Au na alitie yai zima katika siki, kisha alisugue kwa kidole: rangi itatoka kama rangi ya ukuta uliolowa, na chini yake utaonekana weupe ule ule wa yai jeupe. Jambo hili lina upande wake wa hila, kwa kuwa mchuuzi asiye na insafu aweza kulisugua yai dogo la kisasa kwa siki au ndimu na kuliuza kwa bei ya kienyeji. Yai lililotendwa hivyo halina ule utando uzibao vitundu vya kaka, nalo huoza upesi. Kaka lake huparuza mkononi mithili ya chaki, na hapo ndipo mnunuzi aweza kulitambua.

Ni nini basi kinachoamua rangi? Ni nasaba. Kuku aina ya Leghoni hutaga meupe, wa Rodi Ailandi mwekundu hutaga ya kahawia, na kuku wa Araukana wa Chile hutaga ya buluu kwa rangi nyingine iitwayo biliverdini, ambayo, tofauti na ile ya kahawia, hupenya hata upande wa ndani wa kaka. Wafugaji wa zamani walikuwa na kanuni ya kutazama ndewe za kuku, kwamba ndewe nyeupe ni dalili ya mayai meupe na ndewe nyekundu ni dalili ya kahawia. Kanuni hiyo husaidia mara nyingi, lakini ina mastathnia yake. Kuku wetu wa kienyeji wamechanganyika mno katika nasaba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro walipowaainisha kuku wa asili wa Tanzania walitaja aina kama Kuchi, Singamagazi, Ching'wekwe na aina waliyoiita kwa jina la Mbeya, na siku hizi damu za Kuroila na Saso zimeingia vijijini. Si ajabu basi kwamba ua mmoja wa Ipinda hutoa kapu lenye rangi nne.

Rangi hata hivyo si bubu kabisa. Husema habari za kuku, ila si habari za lishe. Kuku akizeeka, mayai yake huwa makubwa na rangi ile ile hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, nayo hufifia. Akishtuliwa na mbwa au mwewe huenda akalizuia yai tumboni, nalo likapata vumbi jeupe la chokaa juu ya kahawia. Na kundi zima la kuku wa kahawia likianza kwa ghafula kutaga mayai ya rangi iliyopauka, yenye kaka laini au lililokunjamana, mfugaji na ahofu mdondo au maradhi mengine ya pumzi yanayouharibu mrija wa mayai, na amwite bwana mifugo pasi na kuchelewa.

Wembamba wa kaka ni shauri jingine, tena Kyela hulijua sana. Katika bonde lile lenye joto kuku huhema ili apoze mwili, na kwa kuhema hupoteza hewa ya ukaa ambayo damu yake huihitaji katika kuunda chokaa ya kaka. Akiwa hali kitu ila pumba za mpunga, zisizo na chokaa ya kutosha, mayai yatapasuka njiani, yawe meupe au ya kahawia.

Lishe yenyewe hutokana na chakula cha kuku. Yai la kadiri lina gramu 6 hivi za protini kwa rangi yoyote ile. Majani mabichi na mahindi ya njano hukipa kiini umanjano, na hii ndiyo sababu kiini cha kuku atembeaye huwa kikali kwa rangi kuliko cha kuku wa bandani alishwaye mahindi meupe. Lakini hata umanjano huo si kipimo cha vitamini A, maana karotini iliyo katika mawese, kwa mfano, kuku huigeuza kuwa vitamini, na vitamini hiyo haina rangi ya kuonekana.

Usipa wa ziwani, kwa upande wake, huongeza katika kiini mafuta mema ya samaki, na hapa tu ndipo nasaba ya kahawia ina neno. Baadhi ya kuku wa nasaba hiyo wamerithi kasoro inayowanyima uwezo wa kuivunja dutu moja yenye harufu ya samaki, nayo hupita hadi kwenye kiini, ilhali jirani zao waliokula chakula kile kile hutaga mayai mazuri. Wenye kuzalisha kuku wa biashara wamejitahidi kuiondoa kasoro hiyo, lakini katika kuku waliochanganyika haitabiriki. Mfugaji wa ufukweni aonaye harufu hiyo na apunguze usipa hadi sehemu 5 katika 100 za chakula, kisha asubiri majuma mawili kabla ya kuhukumu, kwa kuwa kiini kitakachotagwa kesho kilianza kujazwa siku kama 10 zilizopita.