Projekta Moja, Mikono Hamsini

Mwalimu akianza kutafuta mchezo wa kufundishia jiografia au historia, swali la kwanza huwa ni bei: huu ni wa bure, ule unalipiwa kwa mwezi. Kwenye shule yenye projekta moja, swali hilo lisubiri. Kwanza ahesabu mwanafunzi mmoja atapata zamu ngapi katika kipindi cha dakika 40. Mchezo wa bure unaochezwa na watoto watano huku wenzao 45 wakitazama ukuta umekula kipindi kizima, na kipindi hakirudishiwi pesa.

Tuchukue darasa la Kidato cha Pili lenye wanafunzi 50, projekta moja, kompyuta moja na simu ya mwalimu.

Kahoot tuiweke kando mapema. Ni mchezo mzuri wa maswali, lakini umejengwa juu ya wazo kwamba kila mchezaji au kila kundi lina kifaa cha kujibia. Shule zetu nyingi za sekondari haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo hapa hakuna cha kulinganisha.

GeoGuessr inavutia zaidi, na ndiyo inayowaponza walimu wengi wa jiografia. Mchezo hukutupa barabarani mahali fulani duniani, kwa picha za Street View, nawe unakisia uko wapi kwa kuangalia mimea, udongo, mabango na upande wanaoendeshea magari. Mchezo wa kawaida una raundi tano. Hata ukimpa kila mwanafunzi raundi moja ya kushika kipanya, ni watano tu watakaokishika. Picha zinakula bando, na kuucheza kwa uhuru kunahitaji kulipia.

Kuna kasoro nyingine ambayo haionekani mpaka watoto waupende. Picha za Kenya zilipigwa na gari lenye bomba la kuvutia hewa lililosimama pembeni mwa boneti, na bomba hilo linaonekana kwenye picha. Wachezaji hodari wakiliona tu wanajibu Kenya, hawana haja ya kutazama udongo wala mashamba ya chai. Vijana ni wepisi wa kugundua njia za mkato za namna hiyo. Wiki ya pili wataijua Kenya bila kujua lolote kuhusu Bonde la Ufa. Tanzania Bara, kwa upande wake, ina picha chache za barabarani, kwa hiyo nyumbani kwao wenyewe watakukosa mara nyingi.

Seterra, ambayo ni maswali ya ramani, inachezwa bure na haili bando sana. Taabu ni ileile ya kipanya kimoja, ila hapa kuna ujanja. Ina ramani tupu za kuchapisha. Fungua mojawapo kwenye kompyuta, itupie ukutani juu ya karatasi za manila zilizounganishwa, kisha wanafunzi wachore mipaka, mito na maziwa kwa kalamu nene. Projekta isisogezwe hata kidogo hadi mchoro uishe, maana meza ikiguswa Ziwa Tanganyika linahamia Kongo. Kwa kipindi kimoja cha umeme mnapata ramani kubwa isiyotegemea umeme tena, na michezo ya kubandika majina ya miji na mazao itachezwa juu yake mwaka mzima.

Kwa maswali ya haraka, Plickers ndiyo iliyobuniwa kwa hali kama yetu. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye umbo la miraba myeusi, na kila upande wa kadi ni jibu: A, B, C au D. Swali liko ukutani. Mwanafunzi anainua kadi, jibu lake likiwa juu, na mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani. Majina ya waliojibu yanaonekana kwenye skrini. Kwa kuwa maumbo hayafanani, kumwibia jirani ni vigumu.

Seti kubwa ina kadi 63. Zikichapishwa mbili kwa ukurasa ni kurasa 32. Duka la stesheneri likitoza shilingi 100 kwa ukurasa, hiyo ni shilingi 3,200, na kadi hizohizo zinatumika kwa mikondo yote. Toleo la bure hukupa maswali matano kwa seti, nayo yanatosha kufungua au kufunga kipindi. Intaneti inahitajika.

Panapokwama ni kwenye mwanga. Projekta inataka giza, kamera inataka nuru. Ukifunga mapazia ili swali lisomeke, simu inazikosa kadi za nyuma. Soma swali pazia likiwa limefungwa, kisha lifungue ndipo upitishe simu. Usizilamineti kadi kwa plastiki inayong'aa, kwa sababu mng'ao unafuta umbo. Na jina lisipotokea kwenye skrini, tazama vidole vya mwenye kadi kwanza: mara nyingi vimeziba miraba.

Hata hivyo Plickers hupima alichokumbuka mwanafunzi. Kwa historia, ninachokiweka mbele ya vyote ni kadi za mfuatano wa matukio, za kutengeneza wenyewe. Upo mchezo wa dukani wa aina hii, Timeline, lakini sanduku moja ni la watu wawili hadi wanane, kwa hiyo darasa letu lingehitaji saba, na bado Kilwa usiikute ndani.

Andika matukio 24, tukio mbele na mwaka nyuma, kadi nane kwa ukurasa. Kwa kundi moja ni karatasi tatu za pande mbili, yaani shilingi 600 kwa bei ile ya juu. Makundi kumi ya watu watano ni shilingi 6,000, mbali na bei ya manila ya kuchapishia. Manila si pambo: kwenye karatasi nyepesi mwaka unaonekana kwa upande wa pili ukiielekeza dirishani. Na kabla ya kutoa nakala zote, kata ukurasa mmoja uukague. Karatasi ikigeuzwa, safu ya kushoto inakuwa ya kulia, na usipobadili mpangilio wa miaka, Maji Maji itaangukia 1505.

Kila mchezaji anashika kadi tatu, moja inawekwa katikati. Kwa zamu, mtu anaweka kadi yake kabla, katikati au baada ya zilizopo, kisha anaigeuza. Akikosea, inatoka naye anachukua nyingine. Zamu ikichukua dakika moja, dakika 25 zinampa kila mmoja angalau zamu tatu.

Mzozo ndio somo lenyewe. Wengi huweka ujenzi wa Fort Jesus mara tu baada ya Vasco da Gama kufika Mombasa mwaka 1498. Kadi ikigeuzwa inasema 1593. Hapo kundi linaanza kuulizana Wareno walikuwa wapi karibu miaka mia moja, na kadi ya 1505, walipoivamia Kilwa, inapata maana. Ili wasikariri miaka tu, ongeza sharti moja: kabla ya kuweka kadi, mchezaji ataje kadi iliyo mezani inayohusiana nayo na aseme kwa nini. Anayeweka Mkataba wa Heligoland wa 1890 aufunge na Mkutano wa Berlin wa 1884–85.

Projekta inawashwa dakika kumi za mwisho tu, kuonyesha pwani na kadi tatu zilizokosewa na makundi mengi.

Mwenye shilingi 10,000 aanze na kadi za matukio, na kitakachobaki kichapishe Plickers. GeoGuessr ya kulipia ingoje klabu ya jiografia baada ya masomo, ambako wanachama wanane wanaweza kuizunguka kompyuta moja, na projekta ikabaki kabatini.