Taarifa ya Upasuaji: Karatasi Inayomwongoza Muuguzi Mama Anapofika Wodini

Mama aliyejifungua kwa upasuaji anapohamishiwa wodini, wauguzi wanaompokea hawakuwepo alipofanyiwa upasuaji. Hawakuona kilichokutwa tumboni, wala damu iliyopotea, wala mahali daktari alipolazimika kushona mara ya pili. Wanachokipata ni taarifa ya upasuaji iliyo ndani ya jalada la mgonjwa. Taarifa hiyo ikiwa na maneno "upasuaji umefanyika, hakuna tatizo", saa za mwanzo za uangalizi hutegemea bahati.

Chukua mfano wa mama wa miaka 29, muuza vitenge wa Kariakoo, aliyefikishwa na uchungu katika hospitali moja ya katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Miaka minne iliyopita alijifungua kwa upasuaji mkoani. Ana kovu la mlalo juu ya kinena, lakini hana karatasi yoyote. Jambo hilo pekee hubadili safari yake yote, kwa kuwa kovu la ngozi halielezi mfuko wa uzazi ulikatwaje. Ukiwa umekatwa kwa mlalo sehemu ya chini, hatari ya kupasuka katika uchungu unaofuata kwa kawaida ni chini ya mama mmoja kati ya 100, na wengi huweza kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura. Ukiwa umekatwa kwa wima hadi sehemu ya juu, hatari huongezeka mara kadhaa na jaribio hilo halishauriwi. Daktari asiyejua ni lipi kati ya hayo lilifanyika huchagua usalama, na mama huyu anapelekwa tena chumba cha upasuaji.

Taarifa nzuri ya upasuaji wa pili ingeanza na tarehe, muda wa kuanza na kumaliza, majina na vyeo vya mpasuaji, msaidizi na mtaalamu wa usingizi na ganzi, pamoja na sababu ya upasuaji na kama ulikuwa wa dharura. Hayo huandikwa kwa haraka na mara chache hukosewa. Ugumu huanzia kwenye sehemu ya yaliyokutwa, ambayo wapasuaji wengi huichanganya na hatua zilizochukuliwa. Yaliyokutwa ni hali ilivyokuwa kabla ya mkono wa mpasuaji kubadili chochote. Kwa mama huyu, kibofu cha mkojo kilikuwa kimegandamana na kovu la zamani, sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi ilikuwa nyembamba lakini haijapasuka, maji ya uzazi yalikuwa safi, na mtoto wa kike mwenye kilo 3.2 alilia mara moja.

Hatua zilizochukuliwa hufuata: kibofu kilitenganishwa taratibu, mfuko wa uzazi ukakatwa kwa mlalo sehemu ya chini, mtoto akatolewa, kisha kondo la nyuma likatolewa lote. Mkato ulichanika zaidi kwa sentimita mbili upande wa kushoto, ukashonwa na damu ikakoma. Mfuko wa uzazi ulichelewa kukaza, ukakaza baada ya kuongezewa oksitosini. Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazoachwa mara nyingi, pengine kwa kuwa tatizo lilikwisha kutatuliwa. Kwa muuguzi, hata hivyo, ndizo zenye uzito zaidi: zinamweleza kuwa mama akivuja damu, kuna sehemu mbili za kushuku kwanza. Vilevile, habari ya kibofu inamweleza kwa nini mkojo wenye damu kwenye mfuko si jambo la kusubiri hadi asubuhi.

Kiasi cha damu kilichopotea ni eneo ambalo makadirio ya macho hudanganya, hasa damu inapokuwa nyingi. Njia rahisi ni kupima. Mtoto anapotoka na maji ya uzazi yakishafyonzwa, chupa ya mashine husomwa na namba kuandikwa ubaoni. Tuseme ni mililita 350, ambazo sehemu kubwa ni maji. Mwisho wa upasuaji inasoma 700, hivyo damu iliyomo ni takriban 350. Gozi kubwa nane, ambazo zikiwa kavu zina gramu 20 kila moja, sasa zina jumla ya gramu 610. Ukiondoa gramu 160 za ukavu, zinabaki gramu 450, na gramu moja huhesabiwa kuwa karibu sawa na mililita moja. Jumla ni mililita 800. Hesabu hii si kamili, kwani haioni damu iliyobaki ndani ya mfuko wa uzazi wala iliyochanganyika na maji mwanzoni. Hata hivyo, ni bora kuliko neno "kiasi".

Namba hiyo huanza kazi baada ya saa mbili. Pedi za mama zinapimwa wodini na kuonesha mililita 250 zaidi. Jumla inakuwa 1,050, kiwango ambacho huhesabiwa kuwa kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Kama taarifa ingesema 400 kwa kukadiria, muuguzi angepata 650 na kuridhika. Wala shinikizo la damu lisingemwamsha mapema, kwa sababu mwili wa mama kijana hulishikilia kwa muda huku mapigo ya moyo yakipanda kwanza.

Ndiyo maana maagizo ya baada ya upasuaji hayapaswi kuishia kwenye "aangaliwe kwa karibu". Kwa mama huyu yangesomeka hivi: mapigo, shinikizo la damu, ukazaji wa mfuko wa uzazi na damu inayotoka vipimwe kila dakika 15 kwa saa mbili, kisha kila dakika 30 kwa saa mbili zinazofuata, kisha kila saa nne. Daktari wa zamu aitwe mara moja mapigo yakizidi 110 kwa dakika, shinikizo la juu likishuka chini ya 90, mkojo ukipungua chini ya mililita 30 kwa saa au kuwa na damu, au pedi ikilowa yote ndani ya saa moja. Mpira wa mkojo ubaki hadi daktari aone mkojo ni safi. Muda ambao antibayotiki ilitolewa kabla ya mkato nao huandikwa, ili wodi isianzishe dozi nyingine bila sababu.

Taarifa hii huandikwa kabla mgonjwa hajaondoka eneo la upasuaji. Wakati huohuo muuguzi hutamka kwa sauti jina la upasuaji uliofanyika na kuthibitisha kwamba idadi ya gozi, sindano na vifaa imetimia, kama inavyoelekezwa katika orodha ya upasuaji salama ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha hiyo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Matokeo ya hesabu hiyo huandikwa ndani ya taarifa.

Mahali ambapo taarifa hujazwa kwenye kompyuta, hatari mpya ni kunakili maelezo ya mgonjwa aliyetangulia. Dalili yake ni taarifa zinazofanana neno kwa neno, zote zikiwa na damu mililita 500.

Mama naye ana nafasi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwenye taarifa haki ya kuzifikia taarifa zake. Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani anaweza kuomba muhtasari wa maandishi, na sentensi ya kwanza ya kuitafuta ni ile inayosema mfuko wa uzazi ulikatwa kwa mlalo au kwa wima. Akishaipata, aihifadhi pamoja na kadi ya kliniki, kwani mimba ijayo huenda ikamkuta katika mji mwingine.