Mtabiri wa Mechi Anaposema Asilimia 80

Mtabiri akisema Simba wana asilimia 80 za kushinda nyumbani, halafu Simba wakafungwa, je, alikosea? Mechi moja haiwezi kukujibu. Yeye mwenyewe aliacha asilimia 20 kwamba mambo yangeenda vingine, na hiyo 20 ndiyo iliyotokea. Hata Simba wakishinda, hujapata ushahidi kwamba ile 80 ilikuwa sahihi. Huenda ilistahili kuwa 60. Uwezekano haupimwi kwa mechi moja. Unapimwa kwa mechi nyingi zilizopewa namba inayofanana, kwa swali moja tu: zile alizozipa 80, ni ngapi kati ya kila 100 zilizotimia?

Wengi wanaojisifu kwa utabiri hulikwepa swali hilo kwa kuhesabu mechi walizopatia. Hesabu hiyo inaficha mengi. Aliyesema 51 na aliyesema 95 wanapewa pointi sawa timu ikishinda. Sare nayo inapotea kabisa, kwa sababu katika mpira wa miguu ni nadra sare kuwa tokeo lenye namba kubwa kuliko mengine. Mtu anaweza kuwa na makadirio mabovu kabisa ya sare msimu mzima, na hesabu ya kupatia na kukosa isimguse.

Njia ya kwanza ya kumkagua ni kuchora grafu ya uaminifu. Chukua tabiri zake zote za ushindi wa timu mwenyeji, zilizoandikwa kabla ya mpira kuanza, uzigawe katika mafungu: zilizo karibu na asilimia 10, karibu na 20, na kuendelea. Kwa kila fungu, hesabu wenyeji walishinda mechi ngapi kweli. Namba aliyoitaja iweke kwenye mstari wa chini wa grafu, na asilimia iliyotokea iweke kwenye mstari wa wima. Kisha chora mshazari kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Mtabiri mkweli nukta zake hukaa karibu na mshazari huo.

Tuseme fungu la 80 lina mechi 200, na wenyeji wameshinda 136. Hiyo ni asilimia 68, nukta iko chini ya mshazari. Fungu la 20 lina mechi 250, na wenyeji wameshinda 75, yaani asilimia 30. Hapa nukta iko juu ya mshazari. Ukiona sura hiyo, juu pameshuka na chini pamepanda, umemkuta mtabiri anayejiamini kupita kiasi. Timu kubwa anazikuza, timu ndogo anazidharau. Ndiyo sura unayoipata mara nyingi pale mtu anapotengeneza kanuni zake kwa mechi za zamani halafu akajipima kwa mechi zilezile: kwenye grafu yake ya nyumbani kila kitu kimenyooka, ila msimu mpya ukianza nukta zinaanza kulala.

Lakini usimhukumu mtu kabla hujahesabu mechi zake. Bahati peke yake husogeza nukta. Kupata kipimo cha mtikisiko huo, zidisha uwezekano wa kushinda kwa uwezekano wa kutoshinda, gawa kwa idadi ya mechi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa fungu la 80 lenye mechi 200 unapata karibu asilimia 3, na kwa kawaida tunavumilia mara mbili yake, yaani karibu 6. Nukta yetu imeachana na mshazari kwa 12, hivyo si bahati. Fungu lingekuwa na mechi 20 tu, mtikisiko wa kuvumilia ungefika karibu 18, na pengo lilelile la 12 lisingethibitisha chochote. Grafu isiyoonyesha kila nukta imetokana na mechi ngapi haifai kuaminiwa, hata ikipendeza vipi.

Grafu ina upofu wake pia. Katika ligi ambayo wenyeji hushinda karibu asilimia 45 ya mechi, mtu akiandika 45 kwa kila mechi, bila kujali nani anacheza na nani, nukta yake moja itakaa juu ya mshazari. Ni mkweli, ila hajui kitu. Ndiyo maana inahitajika alama inayopima ukweli na ujuzi kwa pamoja.

Alama iliyozoeleka ilipendekezwa na Glenn Brier mwaka 1950, kwa ajili ya kukagua utabiri wa hali ya hewa nchini Marekani. Tokeo likitimia liandike 1, lisipotimia 0. Toa namba ya mtabiri, kisha zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe. Aliyesema 0.8 na timu ikashinda anapata adhabu ya 0.04, isiposhinda anapata 0.64. Wastani mdogo ndio bora.

Kwa nini kuzidisha kwa yenyewe? Kwa nini tusichukue tofauti kama ilivyo? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mtabiri anaamini kwa dhati kwamba timu ina 0.6. Kwa tofauti ya kawaida, akisema ukweli atarajie adhabu ya 0.48. Akidanganya na kusema 1, yaani itashinda bila shaka, atarajie 0.40 tu. Kanuni hiyo inamlipa mwongo. Kwa alama ya Brier, akisema 0.6 hutarajia 0.24, akisema 0.9 hupanda hadi 0.33, akijificha kwenye 0.5 hupata 0.25. Hakuna namba itakayompa adhabu ndogo kuliko ile anayoiamini. Kanuni ya alama inayotimiza sharti hilo ndiyo halali, na isiyolitimiza haifai hata ikionekana rahisi.

Kanuni nyingine halali hutumia logi ya namba aliyopewa mshindi, I. J. Good aliizungumzia mwaka 1952. Hiyo ni kali zaidi: ukisema jambo haliwezekani kabisa nalo likatokea, adhabu yako haina mwisho.

Grafu na alama zinakutana mahali pazuri sana. Rudi kwenye fungu la 80. Wastani wa adhabu yake ya Brier ni 0.232. Angesema 68, ambayo ndiyo iliyotokea, ungekuwa karibu 0.218. Tofauti ni 0.0144, ambayo ni 0.12 mara 0.12: pengo la nukta na mshazari likizidishwa kwa lenyewe. Yaani kila umbali unaouona kwenye grafu una bei yake kwenye alama, na unaweza kujua ni fungu lipi linamgharimu zaidi. Yule wa 45 kwa kila mechi hupata karibu 0.248 kwa ligi nzima. Anayeshindwa kushuka chini ya hapo hana anachouza.

Kipimo kigumu zaidi ni bei za kampuni za kubeti, lakini hizo zina faida ya kampuni ndani yake. Bei za 1.80, 3.50 na 4.50 kwa mwenyeji, sare na mgeni, ukigawa 1 kwa kila moja, zinatoa jumla ya 1.063 badala ya 1. Gawa kila sehemu kwa jumla hiyo, na mwenyeji atashuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 52. Bila hatua hiyo nukta nyingi zitaonekana chini ya mshazari, kumbe unachokipima ni faida ya kampuni. Ukishaiondoa, linganisha alama kwa mechi zilezile, bei za dakika za mwisho kabla ya mpira kuanza, na orodha nzima ya mtabiri bila mechi hata moja kufutwa.