Laki nne na nusu iliyofika laki saba

Nilipotaka kuhamisha vyombo kutoka Ilala, Dar es Salaam, hadi Nkuhungu, Dodoma, nilipata bei tatu kwa siku moja. Wa kwanza alisema 600,000, wa pili 850,000, wa tatu 450,000. Kidogo nimpe wa tatu pesa ya kishika uchumba papo hapo. Kilichonizuia ni swali dogo: hawa watu watatu wanazungumzia mzigo uleule kweli?

Hawakuwa. Kila mmoja nilimwambia "vyombo vya vyumba viwili", naye akajaza mwenyewe. Mmoja aliwaza kitanda, godoro na ndoo. Mwingine kabati la milango mitatu na seti nzima ya makochi. Nikachukua futi ya fundi. Vyombo vya nyumbani havilemei gari, vinalijaza, kwa hiyo kilo hazisaidii sana. Pima urefu, upana na kimo, uzidishe. Makochi peke yake yalikula karibu mita za ujazo 4.6. Vitanda nilivihesabu vikiwa vimefunguliwa. Jumla ikawa 13, nikaongeza robo kwa ajili ya mianya isiyopangika, ikafika kama 16. Bodi la kenta niliyoonyeshwa lilikuwa mita 4.3 kwa 2, na kupanga hadi kimo cha mita 2 linabeba 17 hivi. Kirikuu ingenilazimu safari kadhaa, na fuso ningelipia hewa. Nikawatumia wote watatu orodha moja na picha zilezile.

Umbali nao una siri yake. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, lakini mwenye gari la Dar anakutoza na za kurudi, maana hana hakika ya kupata mzigo Dodoma. Yule wa 450,000 alikuwa mtu wa Dodoma aliyeleta mzigo mjini na hakutaka kurudi mtupu. Bei yake ilikuwa ya haki kabisa. Ila ukipanda gari linalorudi, unafuata ratiba yake, tena unachangia bodi na wengine.

"Mzee, mimi nakushushia barabara kubwa," aliniambia. "Huko ndani siingii, nina saruji ya watu."

Hapo ndipo kalamu ilipoanza kazi. Gari lake lilikuja na dereva tu. Kwa kuwa nilikaa ghorofa ya tatu bila lifti, vijana wanne wa kuteremsha na kupakia walitaka 20,000 kila mmoja, na wanne wa kushusha Dodoma 15,000 kila mmoja. Hiyo ni 140,000. Kutoka barabara kubwa hadi nyumbani, kirikuu safari kadhaa, 80,000, na vijana wa kupakia tena, 40,000. Laki nne na nusu imefika 710,000, na friji limebebwa mara mbili zaidi. Wa kwanza, aliyefika hadi mlangoni lakini naye bila vijana, alifika 740,000. Wa 850,000 alikuwa na watu wake wanne huku na huko, wanaofunga wenyewe. Pengo la laki nne lilibaki 140,000.

Swali la mwisho nililijifunza kwa hasara. Miaka ya nyuma kioo cha meza yangu ya kujirembea kilifika vipande. Mwenye gari akanionyesha stika ya bima kwenye kioo cha mbele, kisha akanionyesha risiti: "mzigo kwa hatari ya mwenye mali." Stika haikuwa na maana kwangu. Bima ya mtu wa tatu ni ya wale gari linaowadhuru, na bima kubwa hulinda gari lenyewe. Kilichomo ndani ya bodi kinahitaji bima ya mizigo, nayo hukatwa peke yake. Hata ikiwepo, uliza kama inalipa kwa ajali tu au pia kwa kitu kilichovunjika mikononi mwa vijana, na kama inakubali maboksi uliyofunga mwenyewe. Mara nyingi hapo ndipo inapokataa.

Wa kwanza na wa tatu hawakuwa nayo. Wa pili hakuwa nayo pia, nami nilimpenda kwa kulisema wazi, lakini alikubali kuandika kwamba watakachovunja watalipa, kwa bei tuliyoandika kando ya kila chombo kwenye orodha. Nikamlipa 600,000 siku ya kupakia na 250,000 nikabaki nayo hadi tuhakiki mzigo. Mwenye gari asiyekubali kubakiza chochote, ahadi yake ya kulipa uharibifu siiamini.

Nkuhungu tulishusha jioni. Kabla ya kusaini nilipita na orodha na picha, chombo kwa chombo. Friji lilisafiri limesimama, nikaliacha hadi asubuhi kabla ya kuliwasha. Mguu mmoja wa kochi ulikuwa umepasuka. Msimamizi aliangalia picha ya Ilala, akaangalia mguu, akashusha pumzi.

"Fundi atataka ngapi, mzee?"

Tukakubaliana 30,000. Nikamhesabia 220,000, akasaini chini yangu.